Mfanyakazi wa kanisa na simu yake: kanuni ya mitandao ya kijamii inayolinda kazi bila kufunga watu midomo

Jumamosi jioni, mfanyakazi wa lojistiki katika ofisi moja ya maendeleo ya kanisa anarudi nyumbani. Kwa siku mbili alikuwa akigawa unga, maharagwe na mafuta kwa familia zilizokimbia vita. Katika kundi la WhatsApp la watu wa kwao, lenye watu zaidi ya 200, kuna sauti iliyorekodiwa inayosema kwamba kijiji fulani ndicho kilichowafungulia wapiganaji njia. Anaituma sauti hiyo katika makundi mengine mawili, na chini yake anaandika maneno manne tu: "Hata sisi tumeliona hilo." Picha yake ya WhatsApp inamwonyesha amevaa jile ya kazi, alama ya kanisa ikionekana kifuani.

Jumatatu asubuhi shefu wa kijiji kile anampigia mratibu simu. "Mchungaji, lori lenu lisije tena huku. Vijana wamekasirika, na mimi sitaweza kuwazuia."

Mfano huu hatuupi jina la ofisi wala la kijiji, kwa sababu ungeweza kutokea katika ofisi yetu yoyote ya mashariki. Mfanyakazi akiulizwa atajibu kwamba simu ni yake, megabaiti amenunua mwenyewe, na ilikuwa Jumamosi. Yote hayo ni kweli. Shefu naye anasema kweli, maana watu wake waliona alama ya kanisa na neno "sisi". Kanuni ya mitandao ya kijamii inaandikwa ili swali hili lipate jibu kabla ya Jumamosi ile, si baada yake. Hapa tunaeleza jinsi ya kuiandika, mpaka wa uhuru wa mfanyakazi uko wapi, na la kufanya jambo likiisha kuharibika.

Ni nani anayesema?

Kanuni nyingi tulizosoma zinakosea mahali pamoja. Ama zinahesabu kila neno la mfanyakazi kuwa neno la kanisa, ama zinasema mambo ya simu ya mtu hayatuhusu kabisa. Ni vema kutofautisha ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni akaunti za kanisa zenyewe: ukurasa wa Facebook, makundi ya WhatsApp yaliyofunguliwa na ofisi, na namba ya simu ya ofisi. Huko mtu hasemi kwa jina lake. Maneno yote ni ya kanisa, na lazima pawe na mtu aliyepewa kazi ya kuyapitisha.

Ngazi ya pili ni akaunti ya mtu binafsi anapotambulikana kama mfanyakazi, au anapozungumza juu ya mambo ya kazi. Ngazi ya tatu ni maisha yake: arusi ya dada yake, mpira, biashara ya mke wake, maoni yake juu ya bei ya mafuta au juu ya uchaguzi. Katika ngazi hii ofisi haina neno.

Ugumu uko katika ngazi ya pili. Tunapendekeza maswali matatu ambayo kila mtu anaweza kujiuliza kabla ya kutuma:

1. Je, mtu anayesoma anaweza kunitambua kama mfanyakazi wa kanisa, kwa jina, cheo, picha au jile?
2. Je, jambo hili linagusa kazi yetu, watu tunaowahudumia, au pande zinazogombana mahali tunapofanya kazi?
3. Je, habari hii niliipata kwa sababu ya kazi yangu?

Jibu likiwa ndiyo kwa swali la kwanza na la pili, uko katika ngazi ya pili. Jibu likiwa ndiyo kwa swali la tatu, hilo peke yake linatosha. Mfanyakazi wetu wa lojistiki alitambulikana kwa picha yake. Jambo lenyewe liligusa kijiji tunachohudumia. Na kwa kusema "sisi tumeliona" aliwafanya watu waamini kwamba aliliona akiwa kazini. Jumamosi haikubadilisha kitu.

Wengine hudhani kwamba inatosha kuandika katika maelezo ya akaunti, "Haya ni maoni yangu binafsi." Kwenye Facebook maneno hayo yanasaidia kidogo, kwa mtu anayefungua ukurasa wako na kuyasoma. Kwenye WhatsApp hayasaidii. Ujumbe ukitumwa mbele, maelezo ya akaunti yako hayaufuati. Picha ya skrini nayo inaonyesha jina lako na maneno yako, lakini haionyeshi tahadhari uliyoandika mahali pengine. Njia iliyo bora ni nyepesi: picha ya jile na alama ya kanisa itolewe kwenye akaunti ya binafsi, na mtu asiseme "sisi" pale anapotaka kusema "mimi".

Tukumbuke pia kwamba vyeo havilingani. Mwakilishi wa kisheria, mchungaji wa parokia au mkuu wa hospitali hutambulikana hata bila picha, kwa hiyo mara nyingi yuko katika ngazi ya pili. Mlinzi wa usiku ana nafasi kubwa zaidi ya kusema apendavyo. Haifai kanuni imbane mlinzi na kumwacha mkubwa huru.

Uhuru ambao ofisi haiugusi

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 23, inampa kila mtu haki ya kutoa maoni na imani yake kwa maneno, kwa maandishi na kwa picha, mradi aheshimu sheria, utulivu wa watu wote na desturi njema. Mtu haachi haki hiyo mlangoni siku anapotia sahihi mkataba wa kazi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 62, inasema wazi kwamba maoni ya siasa, dini na kabila si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi. Kwa hiyo kanuni inayosema "mfanyakazi haruhusiwi kuzungumza siasa kwenye mitandao" haifai. Ofisi inaweza kumkataza asizungumze siasa kwa jina la kanisa, kwenye akaunti za kanisa, au akiwa amevaa jile. Zaidi ya hapo haiwezi.

Kuna mambo mengine matatu ambayo kanuni iyataje kwa maandishi kama mipaka ya ofisi yenyewe.

La kwanza, mkubwa wa kazi haombi neno la siri la mfanyakazi, hachukui simu yake ili aisome, wala hamlazimishi kumpokea kama rafiki kwenye Facebook. Katiba, katika kifungu cha 31, inalinda maisha ya binafsi na siri ya mawasiliano ya mtu.

La pili, mfanyakazi ana haki ya kulalamika juu ya mshahara na hali ya kazi. Mwalimu au muuguzi aliyekaa miezi bila kulipwa, akiandika kwamba hajalipwa, hasemi uongo na hachafui jina la kanisa. Kilicholichafua jina ni deni lenyewe. Ofisi inaweza kumwomba alete neno lake kwanza kwa mjumbe wa wafanyakazi, lakini isimwadhibu kwa kusema kweli juu ya mshahara wake mwenyewe.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Kanuni ya kulinda jina isitumike kuficha wizi wa msaada wala dhuluma dhidi ya wanawake na watoto. Kama msichana katika kambi ameombwa mwili wake ili apate jina kwenye orodha ya unga, mtu aliyejua lazima awe na mahali pa kupeleka habari, na mahali hapo pasiwe kwa yule yule anayeshtakiwa. Ofisi iandike namba ya simu na majina ya watu wawili wanaopokea habari hizo, mmoja wao akiwa mama, na iseme katika siku ngapi watajibu. Mahali pasipokuwa na mlango huo, watu watakwenda Facebook, na hatutakuwa na haki ya kushangaa. Hata hivyo jina na sura ya aliyeumizwa zisiwekwe mtandaoni kamwe, hata kwa nia ya kumtetea.

Mipaka minne

Baada ya kuheshimu uhuru huo, ofisi inaweza kuweka mipaka katika ngazi ya pili. Minne inatosha.

Mpaka wa kwanza ni kuhukumu kijiji, kabila au upande wa vita. Kanuni ya mwenendo ya mashirika ya misaada, iliyotolewa mwaka 1994 na ndugu wa Msalaba Mwekundu pamoja na mashirika mengine, inasema kwamba msaada hutolewa kwa kuangalia mahitaji tu, bila kuangalia kabila wala dini, na usitumiwe kuendeleza msimamo wa siasa. Mahali petu hili halibaki kwenye karatasi. Dereva wetu anapita mbele ya vizuizi vya pande mbili kwa siku moja, na kinachompitisha ni kuaminika kwake. Maneno manne yaliyotumwa Jumamosi yanaweza kumkuta kwenye kizuizi Jumanne, ingawa si yeye aliyeyaandika.

Mpaka wa pili ni habari isiyohakikishwa. Ordonansi-Sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023 juu ya mambo ya dijitali, katika kifungu cha 360, inamwadhibu mtu anayeanzisha habari ya uongo dhidi ya mtu kwenye mitandao, na pia yule anayeisambaza tu. Adhabu ni kifungo cha mwezi 1 hadi miezi 6 na faini ya franga 500.000 hadi 1.000.000, au moja ya hizo mbili. Basi kusema "mimi nilituma mbele tu" si kinga. Tunajua pia yaliyotokea wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Uvumi kwamba ugonjwa ulibuniwa kwa ajili ya pesa ulienea kwa simu, na Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa.

Jinsi ya kutambua: WhatsApp huweka mshale mmoja juu ya ujumbe uliotumwa mbele, na mishale miwili juu ya ule uliokwisha kupita katika mikono mingi. Mishale miwili haimaanishi kwamba habari ni ya uongo. Inamaanisha tu kwamba aliyekutumia si shahidi. Muulize, "Ulikuwapo wewe? Kama hukuwapo, nani alikuwapo?" Jibu lisipopatikana, ujumbe ubaki kwako.

Mpaka wa tatu ni mahali na saa. Picha ya lori likipakia na maneno "kesho tuko njiani" ni tangazo kwa wanyang'anyi vilevile. Safari, njia na siku ya kugawa havitangazwi kwenye mtandao. Wanaohusika wanaarifiwa kwa simu kupitia viongozi wao. Picha zitolewe baada ya timu yote kurudi, na mahali patajwe kwa jina la eneo, si la kijiji wala la darasa ambamo familia zimelala.

Mpaka wa nne ni watu tunaowahudumia. Kanuni ile ya mwaka 1994 inataka picha zetu ziwaonyeshe waliopatwa na maafa kama watu wenye heshima yao. Mtu aulizwe kabla ya kupigwa picha, na aulizwe hivi: "Mama, picha hii itaonekana hata na watu wa kule ulikokimbia. Unakubali?" Asiulizwe akiwa amesimama kwenye mstari wa unga, maana hapo hataweza kukataa. Sura za watoto wasio na wazazi, za wagonjwa na za wanawake waliobakwa hazichukuliwi kabisa kwa simu ya binafsi.

Saa 24 za kwanza

Turudi kwa shefu na lori. Mratibu amepokea simu Jumatatu asubuhi. Afanye nini, na kwa mpangilio gani?

Kwanza anasimamisha safari ya Jumanne na kuwaarifu madereva wote. Usalama wa watu unakuja mbele ya jina.

Pili, picha za skrini zinachukuliwa kabla ya kufuta, zikionyesha maneno, tarehe na saa. Hizo zitasaidia pande zote mbili, maana mfanyakazi naye anaweza kuwa amesingiziwa.

Tatu, mfanyakazi anaitwa na kusikilizwa ana kwa ana. Inawezekana aseme, "Mchungaji, sikuona kitu. Niliandika tu kwa hasira, kwa sababu shangazi yangu ametoka huko mikono mitupu." Hasira hiyo ni ya kweli na isidharauliwe. Lakini sasa tunajua kwamba neno "tumeliona" halikuwa kweli.

Nne, ujumbe unafutwa kwa wote. WhatsApp inaruhusu mtu kufuta alichotuma kwa muda wa siku mbili na saa kadhaa. Msimamizi wa kundi naye anaweza kuufuta. Lakini kufuta hakuwafikii waliokwisha kuutuma mbele, kwa hiyo kufuta si kusahihisha. Masahihisho yanatumwa na yeye mwenyewe, katika makundi yale yale, bila kurudia shutuma na bila kujitetea. Kwa mfano: "Jumamosi jioni nilituma hapa sauti na kuandika kwamba sisi tuliona jambo lile. Sikuliona, wala wenzangu wa kazi hawakuliona. Nilikosea. Naomba sauti ile isitumwe tena, na mliyoituma muwaambie mliowapelekea."

Tano, mratibu anampigia shefu simu, anamsomea masahihisho, na kumwomba siku ya kumtembelea. Tangazo kubwa kwenye ukurasa wa kanisa halifai hapa, kwa sababu lingepeleka sauti kwa maelfu ambao hawakuisikia. Kipimo ni hiki: masahihisho yafike mahali kosa lilipofika, si zaidi.

Baada ya hayo ndipo linakuja neno la nidhamu. Mfanyakazi anapewa barua ya kuombwa maelezo na anajibu kwa maandishi. Ofisi inapima mambo manne: nia yake, cheo chake, madhara yaliyotokea, na bidii yake ya kutengeneza. Ipime la tano pia juu yake yenyewe: je, kanuni ilikuwapo, na ilielezwa kwake kwa lugha anayoisikia? Kama haikuelezwa, kosa ni la wote wawili. Katika mfano wetu, onyo la maandishi na kutotumwa upande ule kwa muda vinatosha. Kumfukuza ni kwa aliyeonywa akarudia, au aliyechochea watu kuua. Hata hapo sheria ya kazi inataka uamuzi wa kosa zito uarifiwe kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu kosa kujulikana.

Funguo za ukurasa

Ofisi nyingi zimepoteza ukurasa wao bila adui yeyote. Kijana aliyeufungua kwa akaunti yake aliondoka, naye ndiye aliyekuwa na funguo peke yake. Ukurasa wa Facebook uwe na wasimamizi wawili au watatu wenye mamlaka kamili. Namba ya WhatsApp ya ofisi iwe kwenye kadi ya simu iliyoandikishwa kwa jina la ofisi, na uhakiki wa hatua mbili uwashwe. Siku mtu anapoondoka, jina lake linatolewa siku hiyo hiyo, kama vile anavyorudisha ufunguo wa stoo.

Kanuni ya ukurasa mmoja

Ofisi inaweza kuanza na maneno haya na kuyarekebisha:

1. Kwa jina la kanisa wanasema hawa tu: (majina na vyeo). Wengine wakiulizwa na waandishi wa habari, wanawaelekeza kwao.
2. Akaunti yangu ni yangu. Ofisi haiombi neno la siri wala haisomi simu yangu.
3. Ninatoa maoni yangu kwa jina langu, bila jile, bila alama ya kanisa, bila neno "sisi".
4. Sihukumu kijiji, kabila wala upande wa vita mahali tunapofanya kazi.
5. Situmi mbele habari ambayo sijui shahidi wake.
6. Sitangazi safari wala mahali pa kugawa. Picha zinatoka baada ya timu kurudi.
7. Sionyeshi sura ya mtu bila ruhusa yake.
8. Wizi na dhuluma ninaviarifu kwa: (majina mawili na namba). Hakuna atakayeniadhibu kwa kuarifu kwa nia njema.
9. Nikikosea, ninamwambia mkubwa wangu siku hiyo hiyo, na ninasahihisha mahali pale pale.

Kanuni hii isomwe kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote, madereva na walinzi wakiwamo, kwa Kiswahili na si kwa Kifaransa tu. Kila mmoja aulize maswali, ndipo atie sahihi. Na wa kwanza kutia sahihi awe mwakilishi wa kisheria.